Uzi: Tangazo linataka jozi mbili za lugha na ithibati, wasifu una lugha tatu na vyeti vinne. Mnausomaje?

Mratibu_Kazi

Wadau wa tafsiri na ukalimani, habari za leo. Nimepewa jukumu la kuchuja maombi ya kazi ya mfasiri wa nyaraka za majaribio ya dawa, na kuna wasifu mmoja unanitatiza. Ukiusoma haraka unaonekana umetimiza kila kitu. Ukiurudia taratibu unajikuta huna uhakika na hata mstari mmoja.

Tangazo linasema hivi: Kiingereza kwenda Kiswahili na Kifaransa kwenda Kiswahili, zote lazima. Uzoefu wa miaka 3 katika tiba au dawa. Ithibati ya chombo kinachotambulika. Awe anakidhi masharti ya mfasiri yaliyo kwenye ISO 17100, kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, kwa sababu mteja anatukagua kwa kiwango hicho. Ukalimani wa hospitali kwa simu ni nyongeza tu, si lazima.

Wasifu wenyewe, nimeondoa chochote kinachomtambulisha mhusika:

Lugha: Kiswahili (ya kwanza), Kiingereza (fasaha sana), Kifaransa (fasaha). Jozi: Kiingereza–Kiswahili–Kifaransa. Shahada ya lugha na isimu. Miaka 6 ya kujitegemea: 2019 hadi 2021 mkalimani wa hospitali kwa simu, 2022 hadi 2024 mfasiri. Maneno milioni 3 yaliyofasiriwa. Nyanja: tiba, sheria, fedha, madini, utalii, kilimo, michezo, teknolojia. Vyeti: ATA, CoreCHI (2019), ISO 17100, mafunzo ya saa 40 ya ukalimani wa hospitali.

Mngeanzia wapi? Na mngemwita au mngempitia?

Sauti_Kibandani

Mkuu, mimi ni mkalimani, na naona hapo unajisumbua bure. Mtu akijua lugha tatu anazijua. Ukalimani tunakwenda pande zote mbili, daktari akisema unampa mgonjwa, mgonjwa akijibu unampa daktari. Hata NAATI ya Australia ikimpa mkalimani cheti, ni cha pande zote mbili. Mambo ya mwelekeo ni urasimu. Huyo ana CoreCHI, tayari ana ithibati ya tiba. Mwite.

Kalamu_ya_Pili

Naomba niulize kwa vile uzi umefunguka. Mimi naandika "Kiswahili–Kiingereza" kwenye wasifu wangu, na maombi yangu kama hayo yanakataliwa hata kabla sijaulizwa swali lolote. Je, tatizo ni hiyo nukta ya ithibati? Nijiunge na ATA ndiyo watanichukua?

Mzee_wa_Istilahi

Mratibu, anza na mstari wa jozi, na usiuache mpaka umeumaliza, kwa sababu vitu vingine vyote vinaning'inia hapo.

"Kiingereza–Kiswahili–Kifaransa" haielezi jozi. Hizo ni lugha tatu zilizopangwa mstarini. Lugha tatu zinaweza kutoa mielekeo sita: Kiingereza kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kiingereza, na kadhalika mpaka sita. Tangazo lako linataka miwili tu kati ya sita. Chukua karatasi, andika miwili hiyo juu, halafu pita kwenye kila kazi aliyoiorodhesha ujiulize: hii ilikuwa mwelekeo upi? Kama kazi haisemi, iweke pembeni isihesabiwe mpaka aulizwe. Mara nyingi utakuta mwelekeo mmoja umejaa kazi na wa pili una kazi moja, au hauna kabisa, ila lugha yenyewe imeandikwa juu kabisa kwenye wasifu.

Kaka Sauti, kuhusu NAATI uko sahihi kwa wakalimani. Lakini chombo hichohicho kikimthibitisha mfasiri, kinamthibitisha kwa mwelekeo mmoja, na akitaka wa kurudi anafanya mtihani mwingine. ATA, chama cha wafasiri cha Marekani, ni hivyohivyo, mtihani wake ni wa mwelekeo mmoja. Hata ninyi wa vibandani kwenye mikutano mna utaratibu wa AIIC, chama cha wakalimani wa mikutano: lugha A ni ya kwanza, B unaiingia ingawa si ya kwanza, na C unaielewa na kutoka kwayo tu, huiingii. Mwenye Kifaransa C hapangiwi kuingia Kifaransa hata akikizungumza vizuri namna gani. Kwa hiyo mwelekeo upo pia kwenu, umeandikwa kwa herufi.

Na wewe Kalamu, swali lako si la ATA. Andika mwelekeo. "Kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili", kisha chini yake kazi za mwelekeo huo. Mchujaji akiona kistari kati ya lugha mbili, hajui wewe unaingia wapi. Asiye na muda anakupita.

Sauti_Kibandani

Nakubali la A, B, C, ninalitumia mwenyewe. Lakini cheti cha tiba anacho, hilo hujaligusa.

Dada_Nyaraka

Hilo niliguse mimi, nimefanya kazi upande wa hospitali muda mrefu.

CoreCHI inatolewa na CCHI ya Marekani, na ni cheti cha heshima. Ila ni mtihani wa maarifa ya ukalimani wa hospitali: maadili, istilahi, nini ufanye mgonjwa anapokuambia jambo la siri. Unafanywa kwa Kiingereza. Hakuna mahali kwenye mtihani huo anapopimwa Kiswahili, sembuse Kifaransa. CCHI hiyohiyo ina cheti kingine, CHI, kinachopima lugha yenyewe, lakini kipo kwa Kihispania, Kiarabu na Kimandarini. Kwa Kiswahili hakipo. Kwa hiyo tangazo likidai cheti cha CHI cha Kiswahili, linadai kitu ambacho hakuna anayeweza kuwa nacho.

Mratibu, hapa nakuomba usimkate huyu mwombaji pointi kwa kukosa kisichokuwepo, na pia usimpe pointi za lugha kwa mtihani ambao haukupima lugha. CoreCHI iende kwenye kisanduku cha ukalimani, ambacho kwenu ni nyongeza. Kwenye kisanduku cha tafsiri haisemi lolote.

Mambo mawili zaidi. Yale mafunzo ya saa 40 ni sharti la kuruhusiwa kufanya mtihani wenyewe. Ameyaandika kama sifa ya pili lakini ni sehemu ya ileile ya kwanza. Na cheti hiki kina muda, miaka 4, kisha unakihuisha kwa kuonyesha mafunzo endelevu. Alikipata 2019, kwa hiyo kilipaswa kuhuishwa 2023. Wasifu hausemi. CCHI wana orodha ya wazi mtandaoni, andika jina uone kama bado yumo.

Mratibu_Kazi

Dada, nimeangalia. Hayumo. Nitamuuliza, huenda jina limebadilika.

Na hiyo ATA? Ameandika herufi tatu tu, hakuna zaidi.

Mzee_wa_Istilahi

Ndiyo dalili yenyewe. Aliyefaulu mtihani wa ATA huandika mwelekeo, maana ndio alioutolea jasho. Anayeandika herufi tatu peke yake mara nyingi ni mwanachama. Uanachama ni jambo zuri, lakini hauna mtihani: unajaza fomu, unalipa ada. Muulize maswali mawili kwa barua moja: wewe ni mwanachama au umethibitishwa, na kama umethibitishwa ni kutoka lugha gani kwenda ipi. Na kabla hujamlaumu yeyote, tazama orodha ya mielekeo ambayo ATA wanaitahini, kwa sababu si kila jozi duniani ina mtihani.

Sasa ISO 17100. Hapo kwenye wasifu kuna kosa ambalo naliona kila mara. Kiwango hicho hakimpi mfasiri cheti cha sifa zake binafsi. Kinathibitisha mtoa huduma na utaratibu wake, na moja ya masharti yake ni kwamba tafsiri ihakikiwe na mtu wa pili, tofauti na yule aliyeifasiri. Mtu peke yake hawezi kuwa watu wawili. Aliyeandika hivyo huenda alifanya kazi kwenye kampuni yenye cheti, au alihudhuria kozi. Usimwite mwongo. Muulize alimaanisha nini.

Kinachomhusu mtu binafsi ndani ya kiwango ni sifa za mfasiri, na njia ziko tatu, inatosha kuwa na moja. Ya kwanza ni shahada ya tafsiri, au ya lugha au isimu yenye mafunzo ya kutosha ya tafsiri ndani yake. Ya pili ni shahada ya fani nyingine yoyote pamoja na uzoefu unaolingana na miaka miwili ya kufasiri kwa muda wote. Ya tatu haidai shahada, ni miaka mitano ya kufasiri kwa muda wote. Na kampuni yako lazima iwe na ushahidi ulioandikwa, umewekwa kwenye faili. Mkaguzi akija hataridhika na "tulizungumza naye kwa simu".

Soma tena maneno "kufasiri kwa muda wote". Miaka 6 aliyoandika, mitatu ni ya ukalimani. ISO 17100 yenyewe haihusu ukalimani hata kidogo, umetajwa humo kuwa nje ya upeo wake. Kwa njia hiyo miaka 6 inabaki 3, na hiyo 3 sharti uipime, maana mtu wa kujitegemea anaweza kufasiri siku mbili kwa wiki akaiita mwaka.

Mratibu_Kazi

Unaipimaje miaka ya mtu wa kujitegemea?

Mzee_wa_Istilahi

Kwa maneno. Ametaja milioni 3. Akiwa alizifanya ndani ya miaka 3, ni milioni moja kwa mwaka. Gawa kwa siku 240 za kazi, unapata zaidi ya 4,100 kila siku, bila kuugua, bila wiki isiyo na kazi. Mfasiri wa nyaraka ngumu kwa kawaida hutoa kati ya 2,000 na 3,000 kwa siku. Kwa hiyo milioni 3 haiwezi kuwa maneno mapya yote. Sisemi amedanganya. Programu za kufasiria zinahesabu maneno yote ya faili, hata yale yaliyojazwa yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu ya tafsiri kwa sababu sentensi ilishafasiriwa. Pia watu huchanganya humo walichohakiki. Mwombe agawanye: maneno mapya, yaliyojirudia, na aliyohakiki tu. Na agawanye kwa mwelekeo. Mfasiri anayetunza ankara zake anaweza kukupa jibu ndani ya siku moja.

Kalamu_ya_Pili

Mzee, lakini wengine tulianza bila programu, kazi zilikuja kwa karatasi, hatuna hesabu hizo. Tufanyeje?

Mzee_wa_Istilahi

Ankara na barua za wateja zinatosha. Hata kurasa zinahesabika.

Dada_Nyaraka

Nirudi kwenye nyanja, maana zimepitwa haraka. Nyanja nane kwa miaka mitatu. Mimi huwa sisomi orodha hiyo kabisa. Nasoma majina ya nyaraka. "Tiba" ni pana mno: kipeperushi cha mgonjwa wa kisukari ni tiba, itifaki ya jaribio la dawa ni tiba, mwongozo wa mashine ya maabara ni tiba, na anayeweza cha kwanza anaweza asimudu cha pili.

Kwa majaribio ya dawa kuna njia ya kujua aliyewahi kufanya na aliyesikia. Fomu ya ridhaa inakuja na namba ya toleo na tarehe chini ya kila ukurasa, na toleo likibadilika unapewa tena faili yenye mabadiliko yaliyowekewa alama, unafasiri yale tu bila kugusa sentensi nyingine, kwa sababu hizo zilishapitishwa na kamati ya maadili. Baada ya hapo mtu mwingine, ambaye hajaiona fomu ya asili, anairudisha tafsiri yako kwenye lugha ilikotoka, na tofauti zinawekwa kwenye jedwali unalotakiwa kulijibu mstari kwa mstari. Muulize mwombaji: fomu uliyofanya ilirudishwa? Uliona jedwali? Taja hoja moja uliyoikubali na moja uliyoikataa, na kwa nini. Aliyefanya ataongea mpaka umwambie inatosha. Asiyefanya atakueleza kwamba alizingatia ubora.

Ila mwambie asitaje jina la dawa wala mteja, amefungwa na mkataba wa usiri. Akimwaga siri zote kwenye simu ya kwanza, hilo nalo ni jibu.

Fundi_Kistari

Samahani nachelewa. Kwani wanalipa kiasi gani kwa neno? Mimi nina Kifaransa.

Mratibu_Kazi

Fundi, tutatangaza, endelea kufuatilia.

Wadau, amejibu, na amejibu kwa uungwana. ATA: alikuwa mwanachama mpaka mwaka jana, hakufanya mtihani. CoreCHI: iliisha muda wake, hakuihuisha alipoacha ukalimani. ISO 17100: alifanya kazi kwa miezi kadhaa kwa kampuni iliyothibitishwa. Maneno: kati ya milioni 3, mapya ni 900,000. Yanayobaki ni yaliyojirudia na aliyohakiki. Kwa mwelekeo: Kiingereza kwenda Kiswahili 860,000, karibu yote tiba, humo fomu za ridhaa na vipeperushi vya wagonjwa. Kifaransa kwenda Kiswahili 40,000, tovuti ya shirika la kilimo.

Nikampa swali la Dada kuhusu jedwali. Akaeleza hoja aliyoikataa: aliyerudisha tafsiri aliandika kwamba mgonjwa "atapewa" dawa, wakati fomu ya asili ilisema "anaweza kupewa", na yeye kwenye Kiswahili alikuwa ameandika "huenda akapewa". Akajibu kwamba kosa liko kwenye kurudisha, na akaonyesha sentensi. Sikuwa na la kuongeza.

Sauti_Kibandani

Huyo anajua kazi. Vyeti au bila vyeti.

Dada_Nyaraka

Kwa mwelekeo wa Kiingereza, ndiyo. Jibu hilo lina uzito kwangu, maana kwenye fomu ya ridhaa kosa kubwa ni lile linalomwahidi mtu kitu ambacho jaribio halikuahidi.

Mzee_wa_Istilahi

Tumalize hesabu, kwa sababu ndiyo itakayoulizwa na mkaguzi. Maneno mapya 900,000. Ukichukua 2,500 kwa siku, ni siku 360. Kwa siku 240 za mwaka, ni mwaka mmoja na nusu. Hafiki miaka miwili ya njia ya pili. Ukichukua 2,000 kwa siku, ambayo kwa fomu za ridhaa naiona ya haki, ni siku 450, karibu kabisa na miaka miwili lakini bado pungufu kidogo. Unaona kwamba kasi unayoichagua wewe ndiyo inayomwingiza au kumtoa. Chagua moja, iandike, na uitumie kwa waombaji wote, si kwa huyu tu.

Dada_Nyaraka

Mzee, hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Kuhakiki tafsiri za wengine unakuweka wapi? Mtu anakaa na matini mbili anazilinganisha neno kwa neno, huyo hafasiri?

Mzee_wa_Istilahi

Kiwango kinatenganisha kufasiri na kuhakiki kama kazi mbili, na sharti la mhakiki linamtaka awe na sifa za mfasiri kwanza, kisha awe na uzoefu wa kufasiri au kuhakiki katika nyanja husika. Kwa hiyo kwa mfasiri mimi sihesabu uhakiki. Najua wapo wanaohesabu sehemu.

Dada_Nyaraka

Mimi nimo kwa hao. Ila sitabishana na mkaguzi wako.

Mratibu_Kazi

Basi naona njia ya kwanza ndiyo nyepesi, shahada yake ni ya lugha na isimu. Nimeomba matokeo ya masomo yake. Kuna somo la nadharia ya tafsiri, somo la tafsiri kwa vitendo, na mradi wa mwisho wa kufasiri sura za kitabu pamoja na maelezo. Hayo ni "mafunzo ya kutosha"?

Mzee_wa_Istilahi

Kiwango hakitaji saa wala idadi ya masomo. Kwangu mimi, masomo mawili na mradi wa vitendo vinatosha, hasa mradi. Weka nakala ya matokeo kwenye faili pamoja na maelezo mafupi ya kwa nini umeyakubali, uweke na ile hesabu ya maneno. Mkaguzi mwingine anaweza kuuliza zaidi, hilo sikuhakikishii.

Sauti_Kibandani

Na Kifaransa? Si angefasiri kupitia Kiingereza? Mtu wa kwanza anatoa Kifaransa kwenda Kiingereza, yeye anatoa Kiingereza kwenda Kiswahili. Kwenye mikutano tunafanya hivyo kila siku, kibanda kimoja kinasikiliza kingine.

Dada_Nyaraka

Kwenye mkutano maneno yanapita. Fomu ya ridhaa inatiwa saini. Ukipitia Kiingereza, kosa la mtu wa kwanza linaingia kwenye Kiswahili bila mfasiri wa pili kuweza kuliona, na itakaporudishwa itarudishwa kwenye Kifaransa na tofauti zitakuwa za watu wawili, hujui umuulize nani. Kama mteja amekubali kwa maandishi, sawa. Bila hivyo, mimi hapana.

Mratibu_Kazi

Nimeongea na mteja. Ithibati amekubali kuiondoa kwenye masharti ya lazima kwa upande wa tafsiri, mradi masharti ya ISO 17100 yawe na ushahidi. Kupitia Kiingereza amekataa, na bado anataka mtu mmoja mwenye mielekeo yote miwili. Huyu wa 40,000 za kilimo siwezi kumpeleka kwa Kifaransa.

Nimemwandikia mwombaji kwamba anapewa jaribio la maneno 300 kutoka fomu ya ridhaa, Kiingereza kwenda Kiswahili, na litahakikiwa na watu wawili bila jina lake. Kifaransa natangaza upya peke yake, na mwelekeo nauandika kwa maneno: kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, nyaraka za tiba. Mwenye hesabu ya maneno mapya ya mwelekeo huo anitumie ujumbe. Fundi_Kistari, pamoja na wewe, ila nitakuuliza fomu ngapi na jedwali uliliona wapi.

Fundi_Kistari

Nimefasiri mikataba tu kwa Kifaransa, tiba bado. Nisubiri?

Dada_Nyaraka

Usisubiri, andika "mikataba" palepale kwenye mwelekeo huo. Fomu za majaribio huja na kifungu cha fidia mgonjwa akidhurika, na wafasiri wengi wa tiba wanakwama hapo. Mratibu anaweza kukuhitaji kama mhakiki wa kifungu hicho, mwulize.